Umenunua shamba na kuna watu ndani: hatua za kuwatoa kisheria bila kuishia ndani wewe

Nafanya kazi ya kupeleka hati za korti hapa Nakuru na mashamba ya kando kando, Njoro, Rongai, Bahati, saa zingine natumwa mpaka Lugari na Siaya. Kila mwezi nakutana na mtu amenunua ardhi kwa pesa yake halali, taito iko kwa jina lake, lakini ndani kuna familia inalima na imejenga. Wengi wanaanguka mahali pamoja. Wanaandika barua, wanaenda kwa chifu, wanangoja, wanaandika barua nyingine, halafu siku moja uvumilivu unaisha wanabeba vijana na tingatinga. Hapo ndipo mwenye shamba anageuka mshtakiwa.

Hii ni ya ardhi ya kibinafsi uliyonunua, na watu walioingia bila ruhusa ya mwenyewe. Ardhi ya serikali na ya jamii zina njia yao.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze na wakili kama mkono ni mtupu, utalipa pesa ya kutafutiwa vitu ambavyo ungetafuta mwenyewe.

- Kopi ya taito na sachi mpya kutoka ofisi ya ardhi, si ile uliyofanya siku ya kununua.
- Kopi ya grini kadi, yaani rejista yenyewe inayoonyesha wenye ardhi wote waliopita na tarehe zao. Hii watu wanaisahau na ndiyo itakusaidia sana kwa ile hesabu ya miaka.
- Agrimenti ya kununua, risiti za malipo, kibali cha lendi bodi kama ni shamba la kilimo, na hati ya uhamisho.
- Ramani ya eneo na ripoti ya saveya mwenye leseni.
- Picha za nyumba, mimea na ua, zikiwa na tarehe.
- Daftari. Andika majina ya walio ndani, wako wangapi, nyumba ngapi, wamepanda nini, na waliingia lini.

Kwa agrimenti angalia kama kuna kifungu kinachosema muuzaji atakupa shamba likiwa wazi. Kikiwepo, muuzaji pia anaweza kuwekwa kwa kesi. Wengi nimeona wamekimbizana na familia maskini miaka mitano na muuzaji amekaa zake na pesa, hakuna mtu amemuuliza kitu.

## Hatua ya 1: Hakikisha wako ndani ya shamba lako kweli

Inaonekana kitu kidogo lakini nimeshapeleka notisi kwa mtu ambaye baadaye saveya alionyesha yuko kwa ploti ya jirani. Bikoni zilikuwa zimeng'olewa na mnunuzi alionyeshwa mpaka kwa kidole tu, "kutoka kwa ule mti mpaka kwa ile njia".

Mwite saveya mwenye leseni apime, na ripoti yake ionyeshe kwa mchoro nyumba na mimea ya hao watu iko wapi ukilinganisha na mpaka. Kama shida ni jirani amesukuma ua mita tatu nne, hiyo ni kesi ya mpaka, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mpaka uamuliwe kwanza na msajili wa ardhi. Korti haitasikiza kesi ya mpaka ambayo haijapita kwake. Ukikimbia kortini moja kwa moja utarudishwa na gharama juu.

Utajua hatua hii imeisha ukiwa na karatasi yenye sahihi ya saveya inayosema wazi, nyumba hizi ziko ndani ya namba hii ya ardhi.

## Hatua ya 2: Jua ni nani huyo, na alikaribishwa na nani

Nenda na mtu mmoja wawili watulivu, mzee wa mtaa akiwepo ni vizuri. Salimia, jitambulishe, uliza. "Mzee shikamoo, mimi ndiye niliyenunua hapa, naomba kujua nyinyi mliingiaje." Watu wengi wanakuambia ukweli siku ya kwanza kabla hawajapata mtu wa kuwashauri. Usiende na panga, usiende umelewa, usitishe mtu, sababu yale utakayosema siku hiyo yatasomwa kortini.

Majibu yao yanabadilisha kesi yote.

Akisema "mimi nalipa kodi kwa yule aliyekuuzia", huyo ni mpangaji, na mpangaji anatolewa kwa njia ya upangaji, si hii.

Akiwa ni mke wa muuzaji, simama hapo hapo. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mke au mume, na mwenzi hatolewi kwa nyumba ya ndoa bila amri ya korti. Kabla ya kumwita mvamizi angalia kwanza kama alitia sahihi ya kukubali.

Akiwa ni ndugu au mjane wa ndugu yake muuzaji, hasa huku Magharibi ambako shamba bado lilikuwa kwa jina la babu mpaka juzi, jua kwamba korti inaweza kusema muuzaji alikuwa ameshika ile ardhi kwa niaba ya ukoo, na haki hiyo inafuata ardhi hata kama haijaandikwa kwa taito. Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2018 kwa kesi ya Kiebia, kwamba kuthibitisha hiyo amana ya kimila si lazima hata uwe unaishi kwa shamba. Tena kama muuzaji alikuuzia kabla kesi ya urithi haijakamilika na korti kuthibitisha mgao, shida yako kubwa ni yeye, si hao walio ndani.

Akiwa ni mtu wa nje aliyeingia tu shamba likiwa tupu, endelea na hatua zinazofuata.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka 12

Hapa ndipo watu wanapoteza mashamba, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Sheria ya kikomo cha muda, Kap 22, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai ardhi yake. Mtu akikaa kwa ardhi yako wazi wazi, mfululizo, bila ruhusa yako, na akiitumia kama yake, miaka 12 ikiisha haki yako ya kumtoa imekufa na yeye anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi aandikishwe kama mwenyewe. Taito yako haikuokoi hapo.

Sasa kuna mambo mawili ambayo karibu kila mnunuzi anayajua kinyume.

La kwanza, kununua hakuanzishi saa upya. Saa inahesabu dhidi ya ardhi, si dhidi ya jina lako. Kama waliingia miaka 8 kabla hujanunua, wewe umenunua ardhi yenye miaka 4 imebaki.

La pili, barua haisimamishi saa. Si barua yako, si ya wakili, si ya chifu, si kikao cha wazee. Kesi ya Githu na Ndeete ya 1984 ilisema hivyo, notisi ya kuondoka peke yake haitoshi. Kinachosimamisha ni kufungua kesi kortini, au kuingia na kulichukua shamba kikweli, au yule aliye ndani akubali kwamba ardhi ni yako.

Hiyo ya mwisho itumie. Akikuambia "najua ni yako, nipe tu nivune", mwandikie karatasi palepale: yeye fulani anakubali shamba namba fulani ni la fulani, ameruhusiwa kukaa mpaka tarehe fulani. Aweke sahihi mbele ya mashahidi, aelewe anachosaini kwa lugha yake. Mtu anayekaa kwa ruhusa saa yake haikimbii. Lakini kama miaka 12 ilishaisha kabla ya karatasi hiyo, mambo ni mengine, kimbia kwa wakili.

Nikupe mfano wenyewe. Kuna mwalimu mmoja, jina lake naliacha, alinunua ekari moja Njoro 2019. Pembe ya chini kulikuwa na familia, nyumba mbili za mabati na kiraka cha viazi. Muuzaji alimwambia "hao watatoka tu, usijali". Mwalimu akaandika barua 2020, wakili wake akaandika nyingine 2021, chifu akaita kikao, familia ikaomba muda wa mavuno, akawapa kwa mdomo. Akilini mwake alikuwa na mpaka 2031, yaani 2019 jumlisha 12.

Alipokuja ofisini 2022 tukamuuliza swali moja tu, waliingia lini. Hakujua. Akarudi akauliza majirani, akaambiwa mvua ya mwezi wa nne 2011. Hesabu ikawa mwezi wa nne 2023. Hakuwa na miaka tisa, alikuwa na miezi kama minane, na barua zake zote mbili hazikuwa zimesimamisha hata siku moja.

Tarehe ya kuingia lazima uipatie ushahidi, usitegemee maneno. Mwalimu alimtafuta muuzaji, na muuzaji alikuwa na agrimenti ya 2010 ya kukodisha lile shamba lote kwa mkulima wa ngano, mpaka mavuno ya mwaka huo. Ile karatasi moja ndiyo ilikuja kubeba kesi. Pia unaweza kufungua Google Earth kwa kompyuta, uende kwa picha za miaka ya nyuma uone ni lini mabati yalianza kuonekana, kisha saveya aziweke kwa ripoti yake. Sehemu zingine picha ni chache au zina mawingu, kwa hivyo isiwe ushahidi wako pekee.

Utajua hatua hii imeisha ukiweza kuandika kwa daftari tarehe mbili: waliingia lini, na saa inaisha lini.

## Hatua ya 4: Toa notisi ya miezi mitatu, na uitoe vizuri

Sheria ya Ardhi ya 2012 ilirekebishwa 2016 ikaongezwa vifungu 152A mpaka 152I. Cha ardhi ya kibinafsi ni 152E. Kinataka notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya siku ya kuwatoa, na kina masharti yake:

1. Iwe kwa maandishi, kwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mimi naiandaa kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja, hakuna anayekuja kusema hakuelewa.
2. Ieleze masharti ya kubomoa nyumba, kuvuna mimea iliyoko, na mambo mengine kama hayo.
3. Ipelekwe pia kwa naibu kamishna wa kaunti wa eneo hilo na kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo.
4. Kama ni kundi kubwa la watu, ichapishwe kwa magazeti mawili ya kila siku yanayosomwa nchi nzima, na ibandikwe mahali pasipopungua patano ndani ya shamba.

Namba 3 ndiyo inaachwa sana. Watu wanapeleka kwa chifu wakidhani inatosha. Chifu mpe kopi kwa heshima, lakini sheria haikumtaja yeye. Kila ofisi ikugongee muhuri wa kupokea kwa kopi yako, na tarehe isomeke.

Maneno yenyewe yasiwe ya vita. Ya mwalimu ilikuwa karibu hivi:

"Kwa fulani na fulani na wote mnaokaa sehemu ya ardhi namba fulani, Njoro. Mimi fulani ndiye mwenye ardhi hii iliyosajiliwa. Mnakaa hapo bila idhini yangu. Chini ya kifungu 152E cha Sheria ya Ardhi, nawapa notisi ya miezi mitatu kuanzia siku mtakapopokea hii, muondoke ifikapo tarehe fulani. Mnaruhusiwa kuvuna viazi vilivyo shambani kabla ya tarehe hiyo, msipande upya. Mnaruhusiwa kubomoa nyumba zenu wenyewe na kubeba mabati, mbao na mali yenu yote. Mna haki ya kwenda kortini kupinga notisi hii."

Weka hiyo sentensi ya mwisho. Haki hiyo wanayo tayari chini ya 152F, na ukiitaja hakimu anaona mtu anayefuata sheria. Hesabu ianze siku ya kupokea, si siku ya kuandika, na mimi huongeza kama wiki moja juu ili mtu asije kusema zilipungua siku mbili.

Ipelekwe na mpeleka hati aliye na leseni ya korti. Wakikataa kusaini, hiyo si shida, anaiacha mbele yao anaandika hati ya kiapo, alienda saa ngapi, alimkuta nani, aliambiwa nini. Mimi hupiga picha ya mlango pia. Ukiipeleka mwenyewe kwa ugomvi au kuirusha juu ya ua, utakuja kulia kortini ukiambiwa haikufika.

Onyo: kama hesabu yako ya hatua ya 3 inaonyesha zimebaki wiki chache, usingoje miezi mitatu iishe. Mwambie wakili afungue kesi mara moja na notisi iende sambamba. Upande ule utalalamika kwamba umekimbia, na hiyo inaweza kurekebishwa, lakini miaka 12 ikishapita hairekebishiki.

## Usijitoe mwenyewe kuwafukuza: hivi ndivyo inavyokugeukia

Miezi hii mitatu ndiyo ya majaribu. Kuna mtu atakuja akuambie nipe elfu thelathini na vijana kumi, kesho asubuhi ni tupu. Ona kinachofuata.

Kifungu 90 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya ni kosa kuingia kwa ardhi kwa nguvu ili uichukue, na nguvu hapo ni pamoja na vitisho, kuvunja nyumba, au kukusanya watu wengi isivyo kawaida. Na kinasema haijalishi kama una haki ya kuingia au huna. Yaani taito yako si utetezi. Hiyo sentensi nawaambia watu wengi na hawaamini mpaka wasomewe.

Ukibomoa nyumba kuna kifungu 339, kuharibu mali kwa makusudi, mpaka miaka mitano jela. Ni mabati yao hata kama udongo ni wako. Mtu akiumia, makosa yanaongezeka, na vijana uliowalipa hawatakuwa kando yako kizimbani, watasema ni wewe uliwatuma.

Halafu kuna upande wa kesi ya ardhi. Waliobomolewa wanakimbia kortini na picha za watoto wakilala nje, wanapata amri ya zuio dhidi yako, na sasa wewe mwenye shamba ndiye umezuiwa kukanyaga mpaka kesi iishe. Wanaweza pia kupewa fidia ya vitu walivyopoteza. Nimeona mtu ambaye kesi yake ilikuwa safi kabisa akiishia kulipa fidia kwanza kabla hajapata shamba.

Kukata maji, kuziba njia, kung'oa mlango, kuingiza ng'ombe kwa mahindi yao usiku, kupulizia dawa ya magugu, yote ni njia moja na ile ya tingatinga. Na barua ya chifu au uamuzi wa wazee si amri ya kumtoa mtu. Yale mabaraza ya kesi za ardhi yaliyokuwa yakitoa uamuzi zamani yalifutwa na sheria ya 2011, bado kuna watu wanatembea na karatasi zake wakidhani zina nguvu.

Unachoweza kufanya kwa miezi hii ni kwenda kuangalia mchana ukiwa na shahidi, kupiga picha kama wameongeza nyumba, na kuweka hati zako pamoja.

### Kukiwa na msiba

Huku kwetu, na zaidi Kisumu, Siaya, Kakamega, Bungoma, kaburi ni neno kubwa. Mtu wa familia hiyo akifa wakati mgogoro unaendelea, wanaweza kutaka kumzika hapo hapo, na kuna wengine wanafanya hivyo makusudi wakijua kaburi linafunga mambo. Kaburi halimpi mtu taito. Lakini kufukua mwili kunahitaji kibali na amri, na hakuna hakimu anayeipenda kesi hiyo.

Kwa hivyo ukisikia msiba, wakili aende kortini siku hiyo hiyo kuomba amri ya kuzuia mazishi kwa ardhi hiyo, kwa dharura. Usiende kusimama kwa matanga kubishana. Nimeona watu wakipigwa karibu kufa kwa sababu ya hilo. Ukichelewa na mtu amezikwa, liache kaburi, liandike kwa ripoti, endelea na kesi.

## Hatua ya 5: Kesi

Miezi mitatu imeisha na hawajatoka, nenda kortini. Sheria ya mahakimu ya 2015 inawaruhusu mahakimu kusikiza kesi za ardhi kulingana na thamani, hakimu mkuu mwisho wake ni milioni 20. Lakini kama unajua wale watadai miaka 12, mawakili wengi wanapendelea kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi tangu mwanzo, na ipo Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na kwingine.

Omba mambo haya: korti itamke ardhi ni yako, iamuru watoke, iwazuie wasirudi, na iagize polisi wa kituo cha eneo hilo walinde utekelezaji. Hilo la polisi liombe mapema. Ukilisahau utarudi na ombi lingine baadaye na miezi itapita. Unaweza pia kuomba malipo ya muda waliotumia ardhi, lakini kama ni familia isiyo na kitu mimi naona unanunua uhasama wa bure.

Kwa mwalimu kesi ilifunguliwa Januari 2023, miezi mitatu kabla ya saa kuisha. Familia ilijibu kwamba iliingia 2009 kwa hivyo miaka 12 ilishapita 2021, na ikaomba iandikishwe. Hapo ndipo ile agrimenti ya kukodisha ya 2010 ilipofanya kazi. Yule mkulima wa ngano alikuja akasema alilima pembe hadi pembe, hakukuwa na nyumba. Kesi iliamuliwa katikati ya 2024. Bila ile karatasi sijui ingeendaje, kwa sababu majirani wawili walisema tarehe tofauti.

Usitegemee sana amri ya kuwatoa kabla ya kesi kusikizwa, korti huitoa mara chache. Ile ya kuwazuia wasiongeze nyumba na wasiuze vipande inapatikana kwa urahisi zaidi, iombe. Wakitaka mapatano njiani, sikiza. Pesa ya kukodi lori na miezi miwili ya kodi ya nyumba saa zingine ni nafuu kuliko miaka miwili ya wakili, lakini mapatano yaandikwe na yaingizwe kortini yawe amri.

## Hatua ya 6: Kutoka hukumu mpaka siku yenyewe

Kushinda si kuingia. Wengi wanatoka kortini na furaha wanaenda shambani jioni hiyo hiyo, hapana. Korti kwa kawaida inatoa muda wa kuondoka, kwa kesi ya mwalimu familia ilipewa siku 60. Walioshindwa wanaweza pia kuomba utekelezaji usimamishwe wakikata rufaa.

Muda ukiisha wakili achukue dikrii, yaani amri rasmi inayotoka kwa hukumu, kisha aombe waranti ya kukukabidhi ardhi. Waranti inatekelezwa na afisa wa korti au okshonia mwenye leseni, si wewe, si mtoto wako. Yeye ndiye anapanga na OCS siku na askari.

Kifungu 152G kinasema namna ya kufanya siku hiyo, na ukikiuka unaweza kushtakiwa hata kama una dikrii:

- Wanaoshiriki wajitambulishe na waonyeshe amri kabla ya kugusa kitu.
- Likiwa ni kundi la watu, maafisa wa serikali wawepo.
- Heshima na usalama wao ulindwe, na kuwe na mpango maalum kwa wazee, watoto, kina mama na wenye ulemavu.
- Nguvu isizidi inayohitajika.
- Wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao.
- Mali iliyoachwa bila kutaka ilindwe isiharibiwe.

Fika asubuhi, siku kavu, si usiku na si mvua ikinyesha. Kama kuna mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga, mwambie okshonia mapema apange. Kwa mwalimu familia ilibomoa yenyewe siku mbili kabla, kwa sababu alikuwa ameenda na mzee wa mtaa akamwambia yule mama, "Shosh, lori nalipa mimi, mwende mpaka Mauche kwa kaka yako." Okshonia alikuta misingi na kuku watatu.

## Hatua ya 7: Saa za kwanza baada ya kukabidhiwa

Okshonia akupe hati ya kukabidhi yenye tarehe. Iandikwe orodha ya kila kitu kilichobaki, hata sufuria, picha zipigwe, vitu viwekwe mahali salama. Usichome, usigawie vijana. Wenyewe wapewe nafasi ya kuchukua, na visipochukuliwa kuna utaratibu wa kuviuza kwa mnada chini ya sheria hiyo hiyo.

Saveya arudishe bikoni siku hiyo hiyo na waya upigwe kabla ya jioni. Nguzo na mafundi wawe wameshafika asubuhi, kwa sababu nimeshaona watu wakirudi usiku ule ule na kwa wiki moja kibanda kiko tena. Wakirudi, usiwafuate, wana amri ya korti dhidi yao sasa, kwa hivyo wakili apeleke ombi la kuwaadhibu kwa kudharau korti na OCS apewe kopi ya ile amri. Kisha lima au panda kitu, hata kama ni nyasi ya ng'ombe, na uweke mtu wa kukaa hapo kwa agrimenti iliyoandikwa inayosema anakaa kwa ruhusa yako.